Gharama halisi ya nyumba kwa mwezi: rejesho la mkopo, bima na tozo za mwaka katika hesabu moja

Watu wanaojiandaa kuchukua mkopo wa nyumba huniuliza swali lilelile: "Nitakuwa nalipa kiasi gani kwa mwezi?" Nikiwauliza wameambiwa nini na mkopeshaji, hunitajia rejesho la mkopo peke yake. Baada ya miezi michache wanarudi na swali jingine: ankara ya kodi ya jengo imefika, bima nayo inakaribia kuisha, fedha zitoke wapi? Mwongozo huu unajibu maswali yote mawili kwa pamoja, kwa kuwa kiini chake ni kimoja. Rejesho huja kila mwezi, lakini bima na tozo huja mara moja kwa mwaka, kila moja kwa tarehe yake. Kazi yako ni kuvipata vyote kwa kipimo cha mwezi, halafu kuhakikisha fedha zipo siku ankara inapofika.

Ukiwa na karatasi zako mkononi, hesabu hii inakamilika jioni moja. Tarakimu za mfano sikuziwekea sarafu, kwa hiyo zisome kwa fedha unayotumia.

## Andaa vitu hivi kwanza

- Barua ya mkopo au ratiba ya marejesho. Unatafuta mambo manne: kiasi cha mkopo, kiwango cha riba, idadi ya miezi, na kama riba inaweza kubadilika.
- Hati ya bima ya jengo, yenye ada ya mwaka na tarehe ya kuisha.
- Ankara au stakabadhi za tozo za mwaka: kodi ya jengo, kodi ya ardhi kama ipo, na ada ya huduma za pamoja ikiwa nyumba iko ndani ya jengo lenye wamiliki wengi.
- Kikokotoo au programu ya majedwali.

Kama ndiyo kwanza unanunua, mwombe muuzaji stakabadhi za miaka miwili iliyopita. Zitakuonyesha viwango, na pia zitakuonyesha kama kuna malimbikizo. Sehemu nyingi deni la kodi hufuata nyumba, halimfuati aliyeuza.

Tahadhari kwa nyumba mpya: ankara unayoonyeshwa huenda ilitolewa wakati kiwanja kikiwa kitupu. Jengo likishathaminiwa, kodi itapanda. Waulize wanaotoza ikiwa uthamini umeshafanyika, na kama bado, tumia kodi ya nyumba jirani inayofanana na hiyo.

## Hatua ya 1: Pata rejesho la mkopo, kisha lihakikishe

Mfano wetu ni mkopo wa 80,000 kwa riba ya asilimia 12 kwa mwaka, unaolipwa kwa miaka 15, yaani miezi 180. Katika programu ya majedwali andika:

```
=PMT(0.12/12, 180, -80000)
```

Jibu ni 960.13. Kwenye baadhi ya kompyuta mkato unaotenganisha namba hudai nukta mkato (;), kwa hiyo fomula ikikataa, anza kwa kubadilisha hapo.

Sasa hakikisha. Riba ya mwezi wa kwanza ni 80,000 mara asilimia 1, yaani 800. Kwa hiyo katika 960.13, ni 160.13 tu zinazopunguza deni. Fungua ratiba ya mkopeshaji, mstari wa kwanza kabisa. Ukikuta riba ya 800 na mtaji wa 160.13, wewe na yeye mnazungumza lugha moja.

Namba zikitofautiana kidogo, huenda anahesabu riba kwa siku. Zikitofautiana sana, muulize swali hili moja: riba inatozwa kwenye deni lililobaki, au kwenye mkopo wote wa awali mpaka mwisho? Jibu lake lina uzito mkubwa. Asilimia 12 ileile ikitozwa kwenye 80,000 yote kwa miaka 15, riba inafika 144,000 na rejesho linakuwa 1,244.44 kwa mwezi. Hiyo ni tofauti ya zaidi ya 284 kila mwezi, na kiwango kilichoandikwa kwenye tangazo ni kilekile.

Kosa la kawaida: kuhesabu kitu mara mbili. Wapo wakopeshaji wanaoingiza ndani ya mkopo bima ya maisha ya mkopaji, ile inayolipa deni akifariki. Kama ada yake tayari imo ndani ya 80,000, imo pia ndani ya rejesho. Usiiandike tena katika hatua inayofuata.

## Hatua ya 2: Orodhesha tozo za mwaka pamoja na tarehe zake

Andika kila tozo kwa jina, kiasi na mwezi inapotakiwa kulipwa. Wengi huandika viasi tu na kuacha tarehe, halafu hatua ya 4 inawashinda. Katika mfano wetu, mwezi wa 1 ni mwezi unaoanza kulipa rejesho:

- Kodi ya jengo: 540, mwezi wa 4
- Kodi ya ardhi: 120, mwezi wa 6
- Bima ya jengo: 420, mwezi wa 9

Jumla ya mwaka ni 1,080.

Bima inahitaji maelezo kidogo, kwa sababu hapa ndipo watu hukosea kwa pande zote mbili. Kiasi unachokatia bima ni gharama ya kulijenga jengo upya. Bei uliyonunulia ina kiwanja ndani yake, na kiwanja hakiungui. Ukikata bima kwa bei yote, unalipa ada ya kitu kisichoweza kuteketea. Ukipunguza kupita kiasi ili ada iwe ndogo, mkataba mwingi wa bima una kifungu kinachopunguza fidia kwa uwiano huohuo. Jengo lililokatiwa nusu ya thamani yake hupata takriban nusu ya fidia, hata kama kilichoungua ni jiko peke yake. Pata kwanza kiasi sahihi, ndipo uandike ada yake.

Usiandike hapa gharama zinazolipwa mara moja tu, kama ada ya wakili au ushuru wa kuhamisha umiliki. Hizo zinatoka kwenye fedha za kununulia. Umeme na maji nazo ziache pembeni, kwa kuwa hutegemea matumizi na tayari huja kwa mwezi au hulipwa kabla.

Kosa jingine: kampuni ya bima ikikupa nafasi ya kulipa kwa mwezi, usidhani imekufanyia hesabu bure. Tuseme ada ni 420 kwa mkupuo, au 38.50 kwa mwezi mara 12 kuanzia siku bima inapoanza. Jumla inakuwa 462, nyongeza ya 42. Inaonekana kama asilimia 10, lakini wakati huo deni lako linapungua kila mwezi, kwa hiyo ukiipima kama riba inazidi asilimia 20 kwa mwaka. Ni ghali kuliko mkopo wenyewe wa nyumba. Mimi ningelipa kwa mkupuo na kujiwekea akiba ya kila mwezi mwenyewe, na ndivyo hatua zinazofuata zinavyofanya.

## Hatua ya 3: Gawanya kwa 12, kisha jumlisha

1,080 gawanya kwa 12 ni 90.

Rejesho 960.13 ukijumlisha 90 unapata 1,050.13. Hiyo ndiyo gharama ya nyumba kwa mwezi, na ndiyo namba ya kulinganisha na kipato chako au na kodi ya pango unayolipa sasa.

Kama tozo fulani inalipwa kila miezi mitatu, izidishe kwa 4 kwanza ili uipate ya mwaka. Ikilipwa kila miaka miwili, igawanye kwa 2. Zote zifikishe kwenye mwaka, ndipo ugawanye jumla kwa 12 mara moja.

Miongozo mingi huishia hapa. Kwa mwaka wa pili na kuendelea, 90 inatosha. Kwa mwaka wa kwanza mara nyingi haitoshi, na hapo ndipo watu hunaswa.

## Hatua ya 4: Chora jedwali la miezi 12

Chukua kibubu cha kufikirika, akaunti yenye salio sifuri. Kila mwezi unaingiza 90, na ankara inapofika unaitoa humo humo. Uone kinachotokea:

| Mwezi | Kuingia | Kutoka | Salio |
|---|---|---|---|
| 1 | 90 | 0 | 90 |
| 2 | 90 | 0 | 180 |
| 3 | 90 | 0 | 270 |
| 4 | 90 | 540 | -180 |
| 5 | 90 | 0 | -90 |
| 6 | 90 | 120 | -120 |
| 7 | 90 | 0 | -30 |
| 8 | 90 | 0 | 60 |
| 9 | 90 | 420 | -270 |
| 10 | 90 | 0 | -180 |
| 11 | 90 | 0 | -90 |
| 12 | 90 | 0 | 0 |

Mwisho wa mwaka hesabu imefunga sawasawa, sifuri. Wastani wa 90 ulikuwa sahihi. Lakini katikati kibubu kimepungukiwa mara mbili, na upungufu mkubwa zaidi ni wa 270 katika mwezi wa 9. Angalia kwa makini: ankara kubwa kuliko zote ni ile ya mwezi wa 4, lakini shimo refu zaidi liko mwezi wa 9, kwa sababu kufikia hapo ankara zote tatu zimeshapita na wewe umeingiza miezi tisa tu. Huwezi kuliona shimo hilo kwa kutazama orodha ya tozo. Lazima uchore jedwali.

Ukitumia programu ya majedwali, weka kinachoingia kwenye safu ya B, kinachotoka kwenye C na salio kwenye D. Fomula ya kwanza inakaa D2, ya pili D3 kisha unaiburuta hadi D13, na ya tatu unaiweka popote palipo wazi ili ikupe salio la chini kabisa:

```
=B2-C2
=D2+B3-C3
=MIN(D2:D13)
```

Kwa tarehe nyingine ungepata jibu tofauti kabisa. Kama ankara zote tatu zingedaiwa mwezi wa 12, salio lisingepungua chini ya sifuri hata mara moja. Kwa hiyo shimo la jirani yako si lazima liwe lako, hata mkiwa mnalipa kodi na bima zinazolingana.

## Hatua ya 5: Ziba shimo la mwaka wa kwanza

Una njia mbili.

Njia ya kwanza ni kuanza na mtaji. Weka 270 kwenye kibubu siku ya kwanza, kisha 90 kila mwezi. Mwezi wa 9 salio litagusa sifuri bila kushuka zaidi, na mwezi wa 12 litarudi kuwa 270, tayari kwa mwaka unaofuata. Mtaji huo hauliwi. Unakaa humo kwa muda wote utakaomiliki nyumba. Uhesabu pamoja na fedha za kununulia, kando ya malipo ya awali, ili usishtukizwe.

Njia ya pili ni kuanza na kiwango kikubwa. Hii inamfaa ambaye malipo ya awali yamemaliza akiba yake. Chukua jumla ya ankara hadi kila tarehe, gawanya kwa miezi iliyopo:

- Hadi mwezi wa 4: 540 kwa miezi 4 ni 135
- Hadi mwezi wa 6: 660 kwa miezi 6 ni 110
- Hadi mwezi wa 9: 1,080 kwa miezi 9 ni 120

Kubwa kuliko zote ni 135, kwa hiyo ingiza 135 kwa miezi minne ya kwanza. Baada ya kulipa kodi ya jengo salio ni sifuri, na mbele yako zimebaki ankara za 540 (120 na 420) ndani ya miezi 5, yaani 108 kwa mwezi. Ingiza hizo hadi mwezi wa 9, kisha shuka hadi 90 na ubaki hapo. Mwisho wa mwaka utakuwa na 270 kibubuni, kiasi kilekile cha mtaji wa njia ya kwanza, umekikusanya polepole.

Kwa njia hii gharama ya nyumba ni 1,095.13 kwa miezi minne, 1,068.13 kwa miezi mitano, halafu 1,050.13. Ikiwa bajeti yako haiwezi kubeba 1,095.13, ni heri ujue leo kabla ya kutia saini kuliko kujua mwezi wa 4. Mtu mmoja niliyemsaidia alisogeza tarehe ya kuanza bima kwa makubaliano na kampuni, ili isikaribiane na ankara nyingine, na shimo lake likapungua bila kuongeza fedha yoyote. Tarehe ya bima ndiyo pekee ambayo mara nyingi unaweza kuisogeza. Ya kodi imepangwa.

## Hatua ya 6: Tenga akaunti na uongeze kinga

Fungua akaunti ya pekee kwa ajili ya tozo hizi, na weka agizo la kuhamisha fedha siku ileile ya mshahara. Ukiziacha ndani ya akaunti ya matumizi, salio litaonekana kubwa miezi ya mwanzo, na zitaondoka kwa sababu nyingine.

Ongeza kinga ya miezi miwili, yaani 180. Kwa njia ya kwanza ungeanza na 270 ukijumlisha 180, jumla 450. Kinga ni kwa ajili ya ankara iliyopanda bila taarifa, na matumizi yake utayaona hapa chini.

Katika baadhi ya nchi mkopeshaji mwenyewe hukusanya fedha hizi pamoja na rejesho, huzitunza, na kulipa kodi na bima kwa niaba yako. Kama ndivyo ilivyo kwako, hatua ya 4 na ya 5 yeye ndiye anayezifanya, na ndiyo maana siku ya kufunga mkataba anakudai fedha za ziada. Sasa unajua zinatoka wapi, na unaweza kuzihakiki kwa jedwali lako mwenyewe. Hata hivyo ikifika tarehe ya ankara, dai stakabadhi. Adhabu ya kuchelewa mara nyingi huandikwa kwa jina la mwenye nyumba.

## Hatua ya 7: Hesabu upya kila mwaka

Chagua mwezi mmoja, ule wa baada ya ankara yako ya mwisho ni mzuri, urudie hatua ya 2 hadi ya 4 kwa viasi vipya. Mkopo wa riba isiyobadilika utakuwa na rejesho lilelile, lakini tozo hazijawahi kuahidi kusimama. Na mkopo ukiisha, rejesho linakoma ila 90 inaendelea.

## Mambo yakienda kombo

Ankara imekuja kubwa kuliko nilivyotarajia. Tuseme mwaka wa pili kodi ya jengo imepanda kutoka 540 hadi 660. Una mambo mawili ya kurekebisha, na wengi hurekebisha moja tu. La kwanza ni mbele: tozo za mwaka sasa ni 1,200, kwa hiyo kiwango kipya ni 100. La pili ni nyuma: kwa miezi iliyopita uliweka kidogo. Chora jedwali upya kwa 100 na litakwambia mtaji unaohitajika umekuwa 300, na kwamba baada ya kulipa ankara ya mwezi wa 4 ulitakiwa kubaki na 220 pamoja na kinga. Wewe umebaki na 150, maana 450 na 360 ulizoingiza ni 810, ukatoa 660. Pengo ni 70. Ingiza 110 kwa miezi 7, kisha ushuke hadi 100. Kinga imelibeba pengo hilo bila wewe kukopa.

Riba ya mkopo imepanda. Hii ndiyo inayoumiza kuliko zote. Mkopo wa mfano wetu ukitolewa kwa asilimia 14 badala ya 12, rejesho ni 1,065.39. Nyongeza hiyo ya 105.26 inazidi bima, kodi ya jengo na kodi ya ardhi kwa pamoja. Kama barua yako inasema riba hubadilika, fanya hesabu ya hatua ya 3 mara mbili, kwa kiwango cha sasa na kwa kiwango kilichoongezwa pointi mbili, na uamue kwa kutazama jibu la pili. Uliza pia kama mkopeshaji huongeza rejesho au huongeza miezi. Akiongeza miezi, hutaona badiliko kwenye malipo, lakini deni litakuwa linapungua taratibu zaidi.

Namba yangu na ya mkopeshaji hazilingani, zimeachana kwa kiasi kilekile kila mwezi. Karibu kila mara ni tozo moja iliyoingizwa upande mmoja tu. Chukua tofauti hiyo, izidishe kwa 12, halafu itafute kwenye orodha yako. Tofauti ya 35 kwa mwezi ni 420 kwa mwaka, na hiyo ni bima.

Kibubu kinajaa kuliko jedwali linavyosema. Usifurahi bado. Angalia kwanza kama kuna ankara ambayo haijafika. Nyumba ikibadili mmiliki, ankara huendelea kupelekwa kwa anwani ya zamani, na kutoipokea hakukuondolei deni wala adhabu. Nenda ukaulize mwenyewe kwa namba ya kiwanja au ya jengo.